Vitone juu ya majani chai

Swali: Nilitawanya vitone 100 kwa bahati nasibu juu ya picha ya setilaiti, kilomita 1 kwa 1, karibu na Kebirigo, Nyamira. Vitone 36 viliangukia chai, basi nikakadiria hekta 36 kati ya 100. Nikitumia vitone 200, kosa litapungua kwa nusu?

Jibu: La, unahitaji 400. Kosa lako la kawaida sasa ni √(0.36 × 0.64 ÷ 100) = 0.048, karibu hekta 5. Vitone vilivyozidi kwenye chai hufidiwa na vilivyopungua, ila si vyote: ziada inayobaki hukua kama kipeuo cha pili cha idadi ya vitone. Ukiigawanya kwa idadi hiyo, kosa hushuka polepole. Kulifikisha nusu hekta ni vitone 10,000, kazi ya kuchosha macho! Na ukihesabu vichaka kuwa chai, hata milioni haitalirekebisha.