Safari ya Marekani: Kwa Nini Ni Lazima Uchukue Mizigo Yako Kwenye Uwanja wa Kwanza

Wananchi wengi wa kaunti yetu husafiri kwenda Marekani kwa masomo, kazi au kuwatembelea jamaa. Wengi huwa na tikiti moja yenye ndege mbili au tatu, na kwenye kaunta huambiwa kwamba mizigo imesajiliwa hadi mwisho wa safari. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Ukiingia Marekani, unatakiwa kuchukua masanduku yako mwenyewe kwenye uwanja wa kwanza unaotua nchini humo, uyapitishe kwa maafisa wa forodha, kisha uyakabidhi tena kwa shirika la ndege ili yaendelee na safari. Asiyejua hili huliacha sanduku likizunguka kwenye mkanda huku yeye akikimbilia ndege inayofuata.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo, hatua kwa hatua.

Sheria na sababu yake

Sheria hii haikuwekwa na mashirika ya ndege. Ni ya Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka ya Marekani. Afisa wa forodha ana haki ya kukagua kila mzigo unaoingia nchini, na hutaka mwenye mzigo awepo ili ajibu maswali na kufungua sanduku ikihitajika. Ukaguzi huo hufanyika mahali mtu anapoingia nchini, yaani uwanja wa kwanza wa Marekani. Ndege inayotoka hapo kwenda mji mwingine wa Marekani ni ya ndani, na abiria wake hawapiti forodha tena wanaposhuka.

Kwa hiyo, lebo iliyobandikwa kwenye sanduku inaeleza mahali shirika la ndege litakapolifikisha. Haiondoi wajibu wa abiria wa kulipitisha forodha akiwa njiani.

Mfano: kutoka Kisumu hadi Minneapolis

Tuchukue mfano wa mama anayekwenda kumwona binti yake aliyejifungua huko Minneapolis. Tikiti yake ni moja: Kisumu hadi Nairobi, Nairobi hadi New York kwa Kenya Airways, kisha New York hadi Minneapolis kwa Delta. Ana masanduku mawili.

Pale Kisumu, mhudumu anayapima masanduku na kuyafunga lebo. Herufi kubwa kuliko zote kwenye lebo ni MSP, ambazo ni za uwanja wa Minneapolis. Herufi NBO za Nairobi na JFK za New York zimeandikwa kwa udogo. Mama anapewa pia vipande vidogo vya lebo vyenye namba ya tarakimu 10, kimoja kwa kila sanduku. Vipande hivyo ndivyo risiti yake, na hapaswi kuvitupa hadi afike nyumbani kwa binti yake.

Nairobi hachukui chochote. Masanduku yanahamishwa na wafanyakazi wa uwanja, naye anapita uhamiaji wa kutoka nchini na kupanda ndege. Safari ya kwenda New York huchukua takriban saa 15.

Akitua New York, mambo hubadilika. Kwanza anapanga foleni ya uhamiaji, ambako afisa anakagua pasipoti na viza, anampiga picha na pengine kuchukua alama za vidole. Baada ya hapo anafuata mabango yenye maandishi BAGGAGE CLAIM. Skrini iliyo ukumbini inaonyesha namba ya ndege aliyokuja nayo na namba ya mkanda wa mizigo. Anasubiri hapo mpaka masanduku yote mawili yatokee. Ni vyema alinganishe namba iliyo kwenye lebo na iliyo kwenye kipande chake, kwa kuwa masanduku meusi hufanana.

Akiwa na masanduku kwenye kigari, anaelekea kwa maafisa wa forodha. Wengine hupita baada ya swali moja au mawili. Wengine huelekezwa kwenye mashine ya kukagua mizigo au meza ya kufungulia. Akimaliza anatoka kwa mlango wa forodha, na hapa ndipo wengi hukosea. Hapaswi kwenda moja kwa moja mpaka nje ya jengo. Anatafuta bango lenye maandishi CONNECTING FLIGHTS na sehemu ya kukabidhi mizigo upya, ambayo huwa karibu na mlango huo wa forodha. Mhudumu anasoma lebo kwa mashine, anathibitisha kwamba ni ya MSP, na kuyapeleka masanduku kwenye mkanda. Lebo ile ile ya Kisumu inaendelea kutumika ikiwa haijachanika, na abiria halipi ada nyingine ya mizigo hapo, maana tikiti ni moja.

Baada ya kuyakabidhi, mama anapita ukaguzi wa usalama upya, kama abiria anayeanza safari, kisha anakwenda kwenye lango la ndege ya Minneapolis. Akifika huko hakuna uhamiaji wala forodha. Anachukua masanduku na kutoka.

Chupa na vimiminika

Ukaguzi huo wa pili wa usalama una mtego wake. Mafuta, manukato au kinywaji ulichonunua kwenye maduka ya uwanja wa ndege kinaweza kuzuiwa New York iwapo chupa inazidi mililita 100. Chupa iliyo kwenye mfuko maalumu wa dukani uliofungwa na wenye risiti inaweza kuruhusiwa, lakini mfuko huo ukifunguliwa ruhusa hiyo hupotea. Njia rahisi ni kuihamishia chupa ndani ya sanduku ukiwa bado kwenye ukumbi wa mizigo, kabla ya kulikabidhi tena. Ukishalikabidhi, hutaliona mpaka mwisho wa safari.

Vyakula kutoka nyumbani

Mzazi anayekwenda kumwona mwanawe hasafiri mikono mitupu. Ni muhimu ajue kwamba kila chakula kinapaswa kutajwa kwa afisa wa forodha anapoulizwa, hata kikiwa kidogo. Majani ya chai ya paketi na kahawa iliyokaangwa kwa kawaida hupita. Nyama, ikiwemo aliya na nyama nyingine iliyokaushwa, haifai kubebwa, wala matunda mabichi kama maembe.

Kinachomwokoa msafiri ni kusema ukweli. Ukitaja kitu kisichoruhusiwa, afisa hukichukua na wewe unaendelea na safari bila faini. Ukikificha kikapatikana, faini ya kosa la kwanza kwa abiria asiye mfanyabiashara inaweza kufika dola 1,000. Vilevile, anayebeba fedha zinazozidi dola 10,000 lazima azitangaze. Si kosa kuzibeba; kosa ni kutozitangaza.

Njia nyingine, kituo kingine

Uwanja wa kuchukulia mizigo unategemea njia uliyokata. Kanuni ya kukumbuka ni hii: hesabu viwanja vilivyo kwenye tikiti yako, kisha utafute cha kwanza kilicho ndani ya Marekani.

Kama mama huyo angepitia Amsterdam na kupanda ndege inayotoka huko moja kwa moja hadi Minneapolis, asingechukua mizigo Amsterdam. Uwanja wake wa kwanza Marekani ungekuwa Minneapolis yenyewe, na huko angepita uhamiaji na forodha na kutoka. Asingehitaji kukabidhi mizigo mara ya pili. Kwa mzee anayesafiri peke yake au mtu asiyezoea Kiingereza, njia ya namna hiyo hupunguza usumbufu, nayo inafaa kuulizwa kabla ya kulipia tikiti.

Abu Dhabi na Dublin zina utaratibu wa kipekee. Maafisa wa Marekani wana ofisi zao kwenye viwanja hivyo, na abiria humaliza uhamiaji na forodha hapo kabla ya kupanda ndege. Aliyepitia utaratibu huo hutua Marekani kama abiria wa ndani, na mizigo yake huenda moja kwa moja hadi kituo cha mwisho. Dubai na Doha hazina ofisi hizo, kwa hiyo anayepitia huko atachukua mizigo yake kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani.

Muda kati ya ndege

Uhamiaji, kusubiri masanduku, forodha, kukabidhi upya na ukaguzi wa usalama ni foleni tano. Unapokata tikiti, omba angalau saa 3 kati ya kutua na ndege inayofuata. Saa moja na nusu inaweza kuonekana inatosha kwenye karatasi, lakini ndege mbili zikitua pamoja foleni ya uhamiaji peke yake inaweza kuumaliza muda huo.

Ukichelewa na tikiti yako ni moja, nenda kwenye kaunta ya shirika ukaombe ndege nyingine. Shirika lina wajibu wa kukufikisha. Lakini ukiwa na tikiti mbili zilizonunuliwa kando, shirika la pili linaweza kukuhesabu kama abiria aliyekosa kufika. Pia mizigo yako huenda ikaishia New York, na utalazimika kuipeleka kwenye kaunta ya ndege ya pili, upange foleni na ulipe ada yake kama ipo.

Mambo yakiharibika

Ikiwa sanduku halikutokea kwenye mkanda, usiondoke ukumbini kimya. Mwonyeshe mhudumu wa shirika la ndege kipande chako cha lebo. Anaweza kuangalia kwa ile namba kama sanduku lilibaki nyuma. Ukifika kituo cha mwisho, andikisha taarifa kwenye ofisi ya mizigo iliyopotea na uchukue nakala yenye namba ya taarifa hiyo.

Ikiwa umetambua ukiwa langoni kwamba uliliacha sanduku, usijaribu kurudi kwenye ukumbi wa forodha. Ukishatoka huruhusiwi kuingia tena. Mweleze mhudumu wa langoni na umpe namba ya lebo. Kwa kawaida sanduku hupatikana, lakini litakufuata kwa ndege nyingine, pengine siku nyingine. Ndiyo sababu dawa, vyeti na miwani havifai kuwekwa ndani ya sanduku. Vibebe mkononi.

Swali la kuuliza kabla ya kuondoka kaunta

Mhudumu anapokukabidhi vipande vya lebo, usiulize tu, "Mizigo inafika wapi?" Uliza hivi: "Nitaichukua wapi mwenyewe kwa mara ya kwanza, na nitaikabidhi wapi tena?" Mwombe akuandikie jibu kwenye bahasha ya tikiti. Uliza swali hilo hilo siku ya kurudi, maana kutoka Marekani kuja Kisumu utapita uhamiaji Nairobi, na unahitaji kujua mapema kama masanduku yako utayachukua hapo au nyumbani.