SOMO: CHAMA KINAPOFILISIWA, NANI HULIPWA KWANZA?



Mrajis anapofuta uandikishaji wa chama na kumteua mfilisi, swali la kwanza la wakulima huwa ni hili: «Je, fedha zetu za pamba tutazipata?» Jibu hutegemea utaratibu wa malipo, kwa maana mfilisi hana ruhusa ya kumlipa amtakaye. Somo letu la leo litaufuata utaratibu huo kwa mfano wa chama cha kubuni.

Tuseme chama kilinunua pamba ya wanachama kwa mkopo, kisha kikashindwa kulipa. Kina ghala lililowekwa rehani benki kwa deni la shilingi 36,000,000. Mfilisi anapoliuza, hupatikana shilingi 30,000,000 baada ya kutoa gharama za mnada. Lori, mizani, fedha taslimu na madeni yaliyokusanywa, ambavyo havikuwekwa rehani, vinaleta shilingi 20,000,000.

Wa kwanza ni mdai mwenye dhamana. Benki inachukua shilingi 30,000,000 zote za ghala, kwa sababu ghala hilo ndilo dhamana yake. Hata hivyo haki hiyo haivuki mipaka ya ghala. Shilingi 6,000,000 zilizobaki katika deni lake hazina tena dhamana, nayo benki itazidai pamoja na wadai wa kawaida. Kama bei ingezidi deni, ziada ingerudi kwa mfilisi.

Sasa tugeukie zile shilingi 20,000,000. Hapo hutangulia gharama za ufilisi wenyewe, tuseme shilingi 3,000,000. Kisha hufuata wadai wenye kipaumbele, ambao hasa ni watumishi wanaodai mishahara na Serikali inayodai kodi. Sheria huwekea madai hayo mpaka wa muda au kiasi. Sehemu inayozidi mpaka huo hushuka daraja na kuwa deni la kawaida. Katika mfano wetu wanadai shilingi 6,000,000 zilizo ndani ya mpaka, nao wanalipwa zote. Zimebaki shilingi 11,000,000.

Wadai wa kawaida ni watatu: wakulima wanadai shilingi 12,000,000, muuza dawa za pamba shilingi 4,000,000, na benki zile shilingi 6,000,000 za upungufu. Jumla ni shilingi 22,000,000. Hapa hakuna wa mbele wala wa nyuma. Kila mmoja hupata kwa uwiano wa deni lake. Shilingi 11,000,000 zikigawanywa kwa 22,000,000, kila shilingi inayodaiwa inalipwa senti 50. Mkulima aliyekuwa akidai shilingi 400,000 anapata shilingi 200,000.

Mkulima huyo huyo ana hisa za shilingi 50,000. Hizo hapati hata senti. Yeye ni watu wawili katika mwili mmoja: kwa pamba yake ni mdai, kwa hisa zake ni mwenye mali, na mwenye mali hungoja hadi wadai wote wamalizwe. Tuseme hisa zote za chama ni shilingi 8,000,000. Kama ghala lingeuzwa kwa shilingi 45,000,000, benki ingelipwa yote, wadai wengine wangelipwa yote, na zingebaki shilingi 4,000,000. Hapo ndipo wenye hisa wangerudishiwa nusu ya hisa zao.

Kosa linaloharibu mpango huu hufanyika kabla mfilisi hajafika. Kamati ikiona chama kinazama, humlipa kwa siri mdai mmoja inayemwonea haya. Tuseme ilimlipa muuza dawa shilingi 4,000,000 zake zote. Baada ya gharama na wenye kipaumbele zingebaki shilingi 7,000,000 kwa madeni ya shilingi 18,000,000, na mkulima wetu angepata takriban shilingi 155,600 badala ya 200,000. Tofauti hiyo imetoka mfukoni mwake. Malipo ya namna hiyo yanaweza kupingwa na mfilisi. Dalili yake huonekana katika daftari la fedha: deni moja limefutwa lote katika wiki za mwisho, ilhali mengine hayakuguswa.

Katibu, daftari la pamba iliyopokewa lionyeshe jina, uzito, bei na kiasi kilichokwisha kulipwa. Mwanachama naye atunze stakabadhi yake na kuwasilisha dai lake kabla ya tarehe iliyotangazwa na mfilisi. Dai lisilo na ushahidi laweza kukataliwa, hata kama kila mtu kijijini anajua kuwa ni la kweli.

Zoezi: Katika mfano wetu wa kwanza, benki imepata jumla ya shilingi ngapi, na imepoteza ngapi?

(Jibu: Imepata 33,000,000, imepoteza 3,000,000.)