Siku Mbili Kabla ya Mtihani: Tufungue Faili Lipi Kwanza?



Mtihani ni keshokutwa, na kwenye simu kuna mafaili kumi na mbili ambayo mwalimu na wenzetu wameyapakia: slaidi, notsi na mitihani iliyopita. Wengi wetu hufungua lile la juu na kulisoma mpaka usingizi utushike. Katika somo hili tutaeleza kwa nini tuanze na mtihani uliopita, na namna ya kuutumia kuyapanga mafaili mengine.

Kwanza tuchukue mtihani wa karibuni zaidi ambao mpangilio wake ni kama wa mtihani tutakaoufanya. Tusiangalie majibu wala notsi. Kwa dakika arobaini hivi tupitie kila swali, na pembeni mwake tuandike mada yake, alama zake, na alama ambazo tungezipata kwa kweli lau tungelijibu sasa hivi. Tukisita, tuandike jibu kwa kifupi ili tusijidanganye.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayejiandaa kwa Biolojia. Mtihani aliouchagua una alama 100. Uainishaji wa viumbe una alama 16, naye anaona angepata 12. Uratibu wa mwili una alama 12, angepata 5. Jenetiki ina alama 14, angepata 2 tu. Kwa hiyo anapoteza alama 4 katika uainishaji, 7 katika uratibu, na 12 katika jenetiki.

Sasa atazame mafaili. Notsi za uainishaji zina kurasa 70, za uratibu kurasa 40, na jenetiki ina slaidi 24. Faili la uainishaji ndilo lililokuwa juu, na mada yenyewe anaipenda kwa kuwa anaijua. Lakini kurasa zote hizo 70 zingemwongezea alama 4 tu, na slaidi 24 zinaweza kumwongezea 12. Basi aanze na jenetiki, afuate uratibu, na uainishaji uwe wa mwisho.

Kabla ya kuanza, afungue mitihani miwili ya miaka ya nyuma aone kama mada hizo zimo. Jambo hili lisigeuzwe kuwa kubashiri maswali. Mitihani ya nyuma hutuonyesha uzito wa mada. Haituahidi kwamba swali lilelile litarudi.

Slaidi zina hatari yake. Huwa ni vichwa vya habari na michoro, na mtu huitazama akatikisa kichwa kuwa ameelewa. Njia ya kujipima ni kuifunga simu na kuandika. Mwanafunzi wetu achore mwenyewe jedwali la kuzalisha Tt na Tt, apate TT, Tt, Tt na tt, kisha aeleze kwa nini mimea mirefu ni mitatu kwa mmoja mfupi. Akikwama, hapo ndipo afungue notsi, atafute neno hilo tu, asome ukurasa huo, kisha aifunge simu na kujaribu tena.

Kujipima huku kumefanyiwa utafiti. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walisoma habari fupi. Baadhi waliisoma tena, na wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya siku mbili mambo yaligeuka: walioandika bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana kurudia kusoma hutupa hisia nzuri jioni, na keshokutwa hutuacha mikono mitupu.

Siku ya pili, baada ya sala ya Alfajiri, afanye mtihani mwingine kwa muda kamili kama wa chumba cha mtihani, kisha asahihishe. Ajihadhari na majibu yaliyopakiwa bila jina la aliyeyaandaa, kwani mengine yana makosa. Jibu likipingana na kitabu cha kiada, amuulize mwalimu. Alasiri arudie yale tu aliyoyakosa, na baada ya Isha alale.

Njia hii ina mpaka wake. Kama jaribio la kwanza litaonyesha kwamba karibu kila mada hatuijui, siku mbili hazitatosha kwa zote. Hapo tuchague mada tatu au nne zenye alama nyingi na kurasa chache, tuzimalize vizuri, na mafaili mengine tuyaache bila kuyafungua.