Dondoo muhimu: Kuhakiki jibu la swali la hali barabarani

Majibu mawili yanapoonekana kufaa, sahihi ni lile linalopunguza hatari mapema bila kuzua nyingine.

Mfano: mtoto amesimama ukingoni mwa kivuko cha pundamilia, na gari la nyuma limekaribia mno. Dereva afanye nini?

- Kupiga honi: humshtua mtoto, wala hakumpi nafasi ya kuvuka.
- Kumpungia mkono avuke: gari la upande wa pili huenda lisisimame.
- Kufunga breki ghafla: hukaribisha kugongwa nyuma.
- Kutazama kioo, kupunguza mwendo mapema na kusimama kabla ya kivuko: ndilo jibu. Taa za breki humtahadharisha wa nyuma.

Swali likisema mtoto amekwisha kukimbilia barabarani, breki ya nguvu ndiyo sahihi.