Chama kinaponunua ploti: anayetoka analipwaje?

Vyama vingi vya Thika na Ruiru huanza kwa kukubaliana kiasi cha mchango, kisha huandika kanuni pesa zikiwa tayari zimejaa. Ugumu huja mwanachama anapotaka kuondoka. Pesa zake zimekwisha kugeuka udongo, na udongo haukatwi kipande cha kumlipa mtu mmoja.

Tuchukue mfano wa chama cha watu 15 ambao kila mmoja huweka shilingi 6,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 24 wana shilingi 2,160,000. Wakipata ploti ya shilingi 2,000,000 ndani ya manispaa ya Ruiru, ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani shilingi 80,000. Zinabaki shilingi 80,000 za wakili, mpima ardhi na usajili. Ushuru huo hufuata thamani anayokadiria mthamini wa serikali, na inaweza kuwa juu ya bei waliyokubaliana na muuzaji. Kwa hiyo chama kisitafute ploti inayomaliza akiba yote.

Jina kwenye hatimiliki

Chama chenye watu 10 au zaidi kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Cheti hicho hukisaidia kutambuliwa na kufungua akaunti ya benki. Ardhi ni suala jingine. Mara nyingi huandikwa kwa majina ya viongozi watatu kama wadhamini. Hatari yake ni kwamba anayefanya sachi huona majina matatu tu, na wale 12 hawaonekani. Ulinzi wao ni hati ya udhamini iliyoandikwa na wakili, inayotaja kila mwanachama na fungu lake. Njia nyingine ni kusajili kampuni, ili ardhi iwe ya kampuni na kila mwanachama awe na hisa. Hapo anayeondoka huuza hisa zake, na hatimiliki haiguswi.

Kura ya kununua

Kanuni nyingi husema uamuzi mkubwa upitishwe na theluthi mbili, bila kusema theluthi mbili ya nani. Mkutano ukihudhuriwa na watu 8, theluthi mbili ya waliohudhuria ni watu 6. Watu 6 kati ya 15 watakuwa wametumia shilingi milioni mbili za wote. Iandikwe wazi kwamba kununua, kuuza au kuweka ardhi rehani kunahitaji theluthi mbili ya wanachama wote, yaani kura 10 hapa, na kwamba majina ya waliopiga kura yaingie kwenye kumbukumbu.

Kutoka kabla na baada

Kabla ya ununuzi, hesabu ni nyepesi. Aliyechanga miezi 10 ana shilingi 60,000. Kanuni ikisema atoe notisi ya siku 60 na akatwe asilimia 5 ya gharama, atalipwa shilingi 57,000.

Baada ya ununuzi, chama kimwite mthamini aliyesajiliwa. Akikadiria ploti kuwa shilingi 2,700,000, fungu moja kati ya 15 ni shilingi 180,000. Wanachama wapewe nafasi ya kwanza kulinunua. Wasipolichukua ndani ya siku 60, anayeondoka alete mtu wa kuchukua nafasi yake, naye akubaliwe kwa kura. Kanuni iseme pia kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kulazimisha ploti iuzwe. Bila kifungu hicho, mweka hazina hulipa kwa michango ya mwezi, na hivyo waliobaki ndio wanaomlipa aliyeondoka bila wao kuamua.

Mwanachama akifariki, jina la mrithi alilojaza kwenye daftari huonyesha nia yake tu. Fungu lake bado hupitia taratibu za mirathi, kwa hiyo kanuni zitaje barua za mahakama kabla ya malipo.

Shamba si ploti ya mjini

Ukitoka mjini kuelekea Gatuanyaga au Ngoliba, sehemu kubwa ya ardhi ni ya kilimo. Ununuzi wake huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Idhini isipopatikana, mkataba ni batili. Chama kinaweza kudai pesa kama deni, lakini hakiwezi kudai shamba. Dalili ya hatari ni muuzaji anayetaka malipo yote siku ya kutia sahihi. Mkataba ulioandikwa vyema huacha sehemu kubwa ya bei kwa wakili hadi idhini itolewe.

Chama ambacho tayari kina ardhi kinaweza kuanza na jambo moja katika mkutano ujao: kufanya sachi ya ploti yake na kulinganisha majina yaliyomo na daftari la wanachama.