Saa ya fundi ina gharama gani?

Swali: Nina gereji ya magari ya watalii Karatu. Fundi namlipa 600,000 kwa mwezi, na Desemba bonasi ya mshahara mmoja. Saa yake niiwekee bei gani?

Jibu: Hesabu mwaka mzima. Mishahara na bonasi ni 7,800,000. Ongeza mchango wako wa NSSF, asilimia 10, na wa WCF, asilimia 0.5: jumla 8,619,000.

Sasa saa. Wiki 52 za saa 45 ni 2,340. Ondoa likizo ya siku 28, saa 180, na tuseme sikukuu 12, saa 90. Zinabaki 2,070. Gawanya: shilingi 4,164.

Akisubiri vipuri kutoka Arusha sehemu ya tano ya muda, saa za kazi ni 1,656, na bei 5,205. Hiyo ndiyo gharama tupu. Faida iongeze juu yake.