Picha Ndogo Kwenye Kioo Kikubwa: Maswali na Majibu Kuhusu Ukuzaji wa Picha za Televisheni

Televisheni bapa zinazonunuliwa Bukavu na kupelekwa Nyantende, kwenye vilima vya kusini mwa mji huo, mara nyingi huwa na nukta nyingi kuliko zile zilizomo katika picha zinazorushwa na stesheni. Seti mpya hulazimika kujaza kioo chake chote kwa picha iliyotengenezwa kwa ajili ya kioo cha zamani, na jinsi inavyoifanya kazi hiyo, pamoja na jinsi mwenye nyumba anavyorekebisha ukali na upunguzaji wa chenga, ndiko kunakoamua kama mechi itatazamika au itachosha macho. Majibu yafuatayo yanaeleza kazi hiyo kwa kufuata mfano mmoja, yaani mechi ya mpira inayorushwa na stesheni ya ubora wa kawaida.

Picha ya ubora wa kawaida ina nukta ngapi, na kioo kinahitaji ngapi?

Mfumo wa televisheni uliorithiwa Kongo, kama ule wa nchi jirani za Afrika Mashariki, ulikuwa wa mistari 625, na kati ya hiyo ni 576 tu iliyobeba picha yenyewe. Urushaji ulipogeuzwa kuwa wa kidijitali, kila mstari ulikatwa kuwa nukta 720, ambazo mafundi huziita pikseli, na hivyo picha nzima ikawa na nukta 414,720. Kioo cha HD kamili kina nukta 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, ambazo ni mara 5 ya zile zilizofika, na kioo cha 4K kina mara 20. Kazi ya kuzalisha nukta zinazokosekana ndiyo iitwayo ukuzaji wa picha, na katika kioo cha 4K maana yake ni kwamba kwa kila nukta 1 iliyotoka stesheni, televisheni inapaswa kuonyesha 20.

Televisheni inajuaje rangi ya nukta ambazo hazikurushwa?

Haijui, bali inakadiria kwa kutazama jirani zake. Ichukuliwe jezi ya TP Mazembe yenye mistari myeusi na myeupe, na iwekwe kwenye kipimo cha mwanga ambacho 0 ni giza tupu na 255 ni mwanga kamili. Ikiwa nukta ya mstari mweusi ina 40 na ile ya mstari mweupe inayoifuata ina 200, njia rahisi ya kupata nukta ya katikati ni kuchukua wastani wake, yaani 120, ambayo ni kijivu. Mpaka uliokuwa mkavu kati ya weusi na weupe unapata ngazi ya kijivu katikati, na jicho huisoma ngazi hiyo kama ukungu.

Seti zilizo bora zaidi hazitazami jirani wawili tu, bali hupima hadi nukta 16 zinazozunguka, huku zile za karibu zikipewa uzito mkubwa kuliko za mbali. Nyingine hutambua mwelekeo wa ukingo, kwa mfano mstari wa mshazari wa chaki uwanjani, na kukadiria kwa kuufuata mstari huo badala ya kuukata, ili usionekane kama ngazi za nyumba. Hata hivyo, hakuna njia inayorudisha kilichopotea: ikiwa namba iliyo mgongoni mwa mchezaji wa mbali ilichukua nukta nne tu katika picha iliyorushwa, haitasomeka kwenye kioo chochote.

Kwa nini mpira unaokimbia huota meno kama ya kitana?

Picha nyingi za ubora wa kawaida hazitumwi nzima kwa mara moja. Hutumwa nusu 50 kwa sekunde, kila nusu ikiwa na mistari 288, ambapo nusu ya kwanza hubeba mistari ya witiri na ya pili hubeba ile ya shufwa. Mpira uliopigwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde husogea sentimita 40 katika muda ulio kati ya nusu moja na nyingine, karibu mara mbili ya upana wake, na kwa hiyo nusu hizo zikishonwa bila uangalifu, kingo za mpira hutoka meno.

Ushonaji huo hufanywa kabla ya ukuzaji, na kosa lake haliwezi kufutwa baadaye, kwa kuwa meno yakishakuzwa huwa sehemu ya picha. Ndiyo maana ni muhimu kujua ni chombo gani kinachokuza. Dekoda iliyopangwa kutoa 1080p hushona na kukuza yenyewe, kisha televisheni hupokea kazi iliyokwisha. Ikipangwa kutoa 576i, televisheni hupewa picha kama ilivyorushwa na kufanya kazi yote. Njia ya kuamua ni kutazama dakika chache za mchezo wa kasi kwa kila mpangilio na kuchagua ule wenye meno machache, huku ikikumbukwa kwamba 576i hupunguza pia ubora wa stesheni za HD. Dekoda ikiwa na tundu la HDMI, waya huo utumike badala ya ule wa vichwa vitatu vya rangi, kwa sababu kichwa cha manjano hubeba mwanga na rangi kwa pamoja, na rangi hizo huvujiana kwenye kingo.

Kitufe cha ukali hufanya nini hasa?

Kwenye menyu ya Kifaransa kitufe hicho huitwa "Netteté", na wengi hudhani kwamba kinaongeza habari katika picha, ilhali kinaongeza tofauti ya mwanga kwenye kingo tu. Katika mfano wa jezi, nukta baada ya kukuzwa ni 40, 40, 120, 200, 200. Televisheni hulinganisha kila nukta na wastani wake pamoja na jirani zake wawili, kisha huisukuma mbali na wastani huo. Nukta nyeusi iliyo jirani na kijivu ina wastani wa 67, kwa hiyo inasukumwa chini kutoka 40 hadi 13, na nyeupe iliyo upande wa pili ina wastani wa 173, kwa hiyo inapandishwa kutoka 200 hadi 227.

Matokeo yake ni kwamba kila mstari mweusi wa jezi unapata ukingo mweusi kuliko kitambaa chenyewe, na kila mstari mweupe unapata utepe unaong'aa ambao haukuwapo uwanjani. Kwa kipimo kidogo, tofauti hiyo hufidia ukungu wa ukuzaji. Kwa kipimo kikubwa, wachezaji huonekana kama picha zilizokatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya nyasi. Ukali hauchagui pia: chenga na mipaka ya vipande vya picha navyo ni kingo machoni pa televisheni, na vyote huinuliwa pamoja na jezi.

Chenga ni za aina ngapi, na zinapunguzwaje?

Aina ya kwanza ni punje zinazochezacheza ovyo, ambazo hutoka katika kamera iliyopiga picha gizani, kanda za zamani au mawimbi ya analogia yaliyo dhaifu. Kwa hizi upo mpangilio wa "Réduction du bruit", ambao huchanganya picha zinazofuatana: kwa kuwa punje hubadilika kila mara na ukuta hubaki vilevile, wastani wa picha 4 hupunguza punje hadi nusu bila kuugusa ukuta. Mpira, hata hivyo, haubaki mahali pamoja, na mpangilio ukizidishwa hubakiza mkia nyuma yake. Seti nyingine hulainisha pia ndani ya picha moja, na hapo nyasi hugeuka zulia la kijani na nyuso za watu huwa kama nta.

Aina ya pili hutokana na kubanwa kwa picha. Mfumo wa MPEG-2 hukata picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8, na data ikipungukiwa, mipaka ya vipande hivyo hujitokeza, hasa kamera inapozunguka haraka. Kwenye kioo cha HD kamili kipande kimoja hukua hadi nukta 21 kwa 15 hivi, kwa hiyo kasoro iliyofichika katika kioo kidogo huonekana wazi. Seti nyingi zina mpangilio wa pekee kwa kasoro hii, wenye neno "MPEG" katika jina lake.

Vipande hivyo vya MPEG visichanganywe na vipande vikubwa vinavyoambatana na sauti kukatika au picha kuganda. Hiyo ni dalili ya mawimbi yasiyofika sawasawa, kwa sababu ya mvua kubwa, sahani iliyosogea au kilima kilicho mbele ya antena, na hakuna kitufe cha televisheni kinachoitibu. Dawa yake iko kwenye sahani na kwenye ukurasa wa dekoda unaoonyesha ubora wa mawimbi.

Mpangilio ufanywe kwa utaratibu upi?

Kwanza mtazamaji achague hali ya "Standard" au "Cinéma", kwa kuwa hali ya "Dynamique" huja na ukali mwingi. Kisha azime upunguzaji wa chenga wa aina zote mbili na kushusha ukali hadi mwisho, ili aione picha bila kingo zilizoongezwa na televisheni.

Kinachofuata ni chenga, kwa sababu ukali ukitangulia utaziinua. Vipande vikionekana huku sauti ikiwa nzima, mpangilio wa "MPEG" uwekwe ngazi ya chini. Punje zikionekana, ule mwingine nao uwekwe ngazi ya chini. Kipimo cha kuzidisha ni nyasi: zikigeuka zulia au mpira ukiacha mkia, irudiwe ngazi moja nyuma.

Ukali huja mwisho, na mahali pa kuupima ni nembo ya stesheni iliyo pembeni au matokeo yaliyoandikwa juu ya kioo, si menyu ya televisheni, kwa kuwa menyu hiyo huchorwa na seti yenyewe na haikupitia ukuzaji. Ukali upandishwe hadi herufi zipate utepe mweupe kandokando, kisha ushushwe hadi utepe upotee. Ieleweke kwamba katikati ya kipimo si lazima pawe ndipo penye usawa: katika seti nyingi za Sony usawa uko karibu na 50, ilhali katika nyingi za Samsung uko kwenye 0 au jirani yake. Utepe ukibaki hata ukali ukiwa umeshushwa kabisa, umetiwa studio na hauondoki.

Kwa nini picha hiyohiyo ni safi kwenye kioo kidogo cha jirani?

Jicho zima huacha kutenganisha mistari inapokuwa myembamba mno kwa umbali liliopo. Kioo cha inchi 32 kina urefu wa wima wa sentimita 40, ambao ukigawanywa kwa mistari 576 huifanya kila mmoja uwe na milimita 0.7, na mistari hiyo huungana kuanzia mita 2.4 hivi. Kwa kioo cha inchi 55, umbali huo ni mita 4 na zaidi kidogo. Katika sebule yenye nafasi ya mita 3, kwa hiyo, kioo cha kwanza huficha kasoro za picha na cha pili huzianika, na pale ambapo kiti hakiwezi kurudishwa nyuma, mwenye kioo kikubwa atapata nafuu zaidi kwa kuacha picha iwe laini kidogo kuliko kwa kuongeza ukali.